Uzito 'halisi' ni upi? Tafsiri iliyomtia hasara muuza mbuta

Majuma machache yaliyopita, mama mmoja anayeuza minofu ya mbuta ng'ambo alinijia hapa Kisumu akiwa na kijikaratasi mkononi. "Japuonj, hebu nisomee hii," aliniambia. "Ni Kiswahili, lakini imenikula pesa." Kilikuwa tafsiri ya maelezo ya hati ya mzigo wa ndege, ile ambayo mawakala huiita weibili. Alikuwa amepewa na wakala wake.

Nilikisoma. Sarufi haina dosari. Kasoro imo katika istilahi, hasa katika neno 'halisi'.

Mzigo wa samaki una uzito wa aina tatu. Upo wa minofu pekee. Upo wa minofu pamoja na boksi na vifurushi vya barafu, yaani kile mizani ya uwanjani inachosoma. Wa tatu ndio unaotumiwa kukokotoa nauli. Mfasiri ameuita wa kwanza 'uzito halisi', na aya moja baadaye akatumia maneno yayo hayo kwa wa pili. Wa tatu ameuita 'uzito wa malipo', na mama akaelewa kwamba ni uzito ambao mnunuzi atamlipia yeye.

Kosa hilo lilizaa hasara gani? Mama alikuwa na maboksi 40, kila moja likiwa na kilo 10 za minofu. Alimwahidi mnunuzi bei iliyojumuisha nauli ya kilo 400. Kila boksi lilipopimwa lilikuwa na kilo 12, hivyo mzigo mzima ukawa kilo 480. Lakini ndege haiuzi nguvu ya kubeba tu; huuza nafasi pia. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Boksi lake lilikuwa 60 kwa 40 kwa 35, yaani sentimita za ujazo 84,000. Ukigawanya unapata kilo 14. Kwa maboksi 40 ni kilo 560. Kati ya 480 na 560, shirika la ndege hutoza ile iliyo kubwa. Kilo 160 za nauli zikatoka mfukoni mwake.

Laiti tafsiri ingalimweleza hivyo, angalichagua boksi la kimo cha sentimita 25. Ujazo wake ungalikuwa sawa na kilo 10, nayo mizani ndiyo ingaliamua: kilo 480.

Napendekeza tuseme 'uzito wavu' kwa minofu pekee, 'uzito ghafi' kwa kinachosomwa na mizani, na 'uzito wa kutozwa nauli' kwa huo wa tatu. Ni refu, najua, ila linaonyesha nani anatoza na anatoza nini. 'Uzito wa ujazo' haufai kuchukua nafasi yake, kwa sababu ujazo ukishindwa na mizani, nauli hutozwa kwa uzito ghafi.

Kosa la pili ni la misimbo ya kuhudumia mzigo. Hii ni herufi tatu tatu za jumuiya ya mashirika ya ndege, IATA, zinazowaambia wapakizi mzigo ni wa namna gani. Mfasiri alipokuta PER akaandika 'kwa kila', kana kwamba ni neno la Kiingereza. PER ni mzigo unaoharibika upesi. PES ni samaki na vyakula vya majini. PEF ni maua.

Hatari zaidi ni ICE, aliyoiandika 'barafu' basi. Mvuvi wa Dunga akisikia barafu anafikiria maji yaliyoganda. ICE ni barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, nayo huhesabiwa miongoni mwa bidhaa hatari: ikiyeyuka hutoa gesi inayoweza kumkosesha mtu hewa. Lazima kilo zake zitangazwe. Ukiandika ICE kwenye boksi la barafu ya maji, mzigo utazuiwa huku ukidaiwa maelezo ya kitu usichokuwa nacho, na minofu haingoji. Mzigo wenye majimaji usiofungwa katika chombo kisichovuja una msimbo wake, WET.

Kwa hivyo msimbo haufasiriwi kwenye hati, huachwa ulivyo. Kinachoandikwa kwa Kiswahili ni maelezo yake pembeni, tena kwa jina kamili: 'barafu kavu', si 'barafu'.

Nilimwandikia mama maneno yale matatu nyuma ya kijikaratasi chake. Aliyasoma, akatulia kidogo, kisha akauliza iwapo nina rula. Alitaka kwenda kupima maboksi yaliyobaki.