Kazi ya Kupunguza

Wengi hudhani kugeuza sura ya tasnifu kuwa makala ya jarida ni suala la kufuta: sura ina maneno elfu kumi na nne, jarida linataka elfu saba, basi toa nusu. Anayefanya hivyo hupata sura fupi, na sura fupi si makala. Ufundi wenyewe ninauheshimu kuliko aina nyingine nyingi za uandishi, kwa sababu humlazimisha mtu aliyekwisha kujua mengi aamue ni lipi hasa analolisema.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameandika tasnifu kuhusu riwaya za Shaaban Robert, na sura ya nne inahusu *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951. Kichwa chake ni “Suala la Haki katika Kusadikika”. Sura inaanza na maisha ya mwandishi, inaeleza nadharia, inasimulia riwaya nzima, kisha inapita safari za wajumbe sita moja baada ya nyingine. Kila safari ina kurasa zake, na kila moja inamalizika kwa maneno yaleyale: hapa mwandishi anaonyesha ukosefu wa haki.

Kwa mtahini sura hii inafaa. Mtahini anataka kuona kwamba mwanafunzi amesoma, amepanga data zake na anaijua nadharia yake. Msomaji wa jarida kama *Kiswahili* au *Mulika* hana haja ya kuthibitishiwa hayo. Anauliza jambo moja tu: nikimaliza kusoma, nitakijua kipi ambacho sikukijua? Kwa swali hilo, “ukosefu wa haki” hautoshi kuwa jibu. Kila aliyesoma *Kusadikika* shuleni anajua kwamba Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, na anajua kuwa nchi hiyo inawadhulumu watu wake. Hiyo ni mada. Hoja ni kauli ambayo msomaji mwenye akili timamu anaweza kuikataa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuitafuta hoja, na mahali pa kuitafuta ni mwisho wa sura. Mwandishi wa tasnifu hufika kwenye wazo lake akiwa amechoka, katika aya ya mwisho kabla ya hitimisho. Katika sura yetu, huko chini kabisa, kuna sentensi isemayo kwamba Karama hajibu shtaka lake moja kwa moja, bali anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nje, wakarudi na maarifa, wakafungwa. Mwanafunzi aliipita sentensi hiyo bila kusimama. Lakini tukiisukuma kidogo inatoa hoja: marudio ya hadithi sita, ambayo msomaji anaweza kuyaona kuwa udhaifu wa kisanaa, ndiyo utetezi wenyewe, kwa sababu kila hadithi inayoongezwa inahamisha mashtaka kutoka kwa Karama hadi kwa baraza linalomhukumu. Kauli hiyo inaweza kupingwa. Sasa tuna makala.

Hatua inayofuata ni ya subira. Mwandishi anapita sura yake aya kwa aya, na pembeni mwa kila aya anaandika kwa mstari mmoja inafanya nini. Kisha anaisoma ile mistari peke yake na kuiuliza kila mmoja: unaihitaji hoja, au hoja inakuhitaji? Maisha ya Shaaban Robert yanaanguka yote isipokuwa sentensi moja, kwamba aliandika chini ya utawala wa Waingereza Tanganyika. Muhtasari wa riwaya unabaki aya moja. Mapitio ya maandiko, ambayo katika tasnifu yalikuwa orodha ya fulani alisema hivi na fulani akasema vile, yanakuwa aya mbili zinazoeleza mjadala: wengi wameisoma riwaya kama fumbo la ukoloni, na usomaji huo umeuacha muundo wa kesi bila maelezo ya kutosha. Mwanya huo ndio mlango wa makala.

Hapo ndipo panapojitokeza ugumu halisi. Safari sita zimekula nusu ya sura, na mkono unataka kubakisha mbili na kufuta nne. Lakini hoja yetu ni ya marudio; ukibakisha mbili, umefuta ushahidi wako. Ukibakisha zote sita kwa urefu ule, makala inarudi kuwa sura. Suluhu ni kutenganisha ushahidi na uchambuzi. Ushahidi unaingia katika jedwali dogo la mistari sita: nani alitumwa, upande gani, alirudi na nini, alitendwa nini. Jicho la msomaji linayaona marudio kwa mara moja. Uchambuzi wa kina unabaki kwa safari ya kwanza na ya mwisho tu, maana ikiwa marudio yana kazi, hadithi ya sita lazima isikike tofauti na ya kwanza masikioni mwa baraza.

Kupunguza huku huenda sambamba na kuongeza. Sura iliegemea sura nyingine za tasnifu: “kama ilivyoelezwa katika sura ya pili”. Makala haina sura ya pili. Kila kauli ya namna hiyo ni shimo, na hujazwa kwa sentensi mbili za nadharia palepale inapotumika. Tena, sauti hubadilika. “Mtafiti alibaini kuwa” inakuwa “naona kuwa”, na anayesema hivyo hana budi kusimama nyuma ya kauli yake.

Kisha huja pingamizi, na tasnifu nyingi hulikwepa. Mpitiaji wa jarida atauliza: mwishoni si mfalme anayemsamehe Karama na kuwafungua wajumbe? Basi ameokolewa na hisani ya mfalme, wala si na hadithi zake. Ni pingamizi zito. Jibu la uaminifu linaipunguza hoja badala ya kuipamba: hadithi sita hazilazimishi hukumu, ila zinabadilisha anayehukumiwa, hata msamaha unapotolewa, unatolewa na upande ambao tayari umesimama kizimbani. Hoja imekuwa nyembamba zaidi na imara zaidi. Bila pingamizi lile isingefika hapo.

Mwishoni huandikwa ikisiri, maneno mia moja na hamsini au mia mbili, na ndiyo kipimo cha kazi nzima. Ikisema “makala hii inachunguza suala la haki”, basi mwandishi bado yuko ndani ya tasnifu. Ikisema makala inadai nini, kwa ushahidi upi, na dhidi ya usomaji upi, kazi imekamilika. Kichwa nacho hufuata: “Utetezi kwa Marudio: Safari Sita za Wajumbe katika Kusadikika”.

Nausifu ufundi huu kwa sababu ya kile kinachompata anayeufanya. Yale maneno elfu saba yaliyotolewa hayakuwa mabaya. Mengi yalikuwa kweli, na yatabaki katika tasnifu kwa atakayeyahitaji. Yametolewa ili kauli moja isikike, ijibiwe, hata ikanushwe na mtu ambaye mwandishi hajawahi kukutana naye. Tasnifu humpa mtu shahada. Makala humpa wapinzani, na ni kwa wapinzani hao elimu ya fasihi yetu inasonga mbele.