Jasho la Chupa au Umande? Lugha ya Baridi katika Matangazo ya Vinywaji

Tangazo moja la kinywaji baridi limekuwa likinisumbua kwa majuma kadhaa sasa. Picha yake ni ya kupendeza: chupa imesimama wima, imejaa matone madogo, na kando yake pana bilauri yenye barafu. Lakini chini ya picha hiyo pameandikwa maneno haya: “Furahia chupa iliyofunikwa na jasho la upya. Barafu zinazometameta zitakupa hisia mpya ya ubaridi.” Sitalitaja jina la kinywaji chenyewe wala la waliolitunga tangazo. Kinachonishughulisha ni kwamba picha inamwamsha mtu kiu ilhali maneno yanaizima, na sababu zake zinafaa kuchunguzwa kwa makini.

Tuanze na neno “jasho”. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu husema soda imetoka jasho, na hakuna anayeshindwa kuelewa. Hata hivyo, jasho kwa Mswahili ni maji yanayotoka ndani ya mwili kuja nje. Ni la mbeba mizigo, la mkulima, la abiria aliyebanwa ndani ya matatu saa saba mchana. Tunasema mtu amekula jasho la mwenziwe, tukimaanisha amemdhulumu. Mtu anayesoma tangazo hupewa maana hizo zote kwa mkupuo mmoja, kisha anaambiwa anywe!

Isitoshe, jasho si jina sahihi la kinachotokea. Chukua mtungi wa udongo. Maji yaliyomo hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke, na mvuke huo ukiondoka huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi hata pasipo na umeme. Mtungi ndio unaotoka jasho hasa, kwa kuwa maji yake yanatoka ndani. Chupa ya kioo haipenyezi hata tone. Maji tunayoyaona juu yake yametoka katika hewa iliyoizunguka: hewa hiyo ina mvuke tusiouona, na inapogusa kioo baridi haiwezi tena kuubeba mvuke wote, basi sehemu ya mvuke hugeuka maji papo hapo. Hivi ndivyo majani yanavyopata maji alfajiri bila mvua kunyesha. Kiswahili kina jina lake tangu jadi: umande.

Neno hilo lina faida nyingine. Umande huleta picha ya asubuhi, ya majani mabichi, ya miguu inayolowa kabla ya jua kuchomoza. Ni baridi isiyoudhi. Mwandishi wa tangazo angeandika “chupa imepata umande” angekuwa amesema kweli ya kisayansi na kuamsha hamu kwa wakati mmoja. Ni nadra lugha kukupa vyote viwili kwa neno moja.

Umande huo hauji kwa kiasi kimoja kila mahali. Tuseme uko Mombasa, joto ni nyuzi 30 na unyevu wa hewa ni asilimia 75. Katika hali hiyo kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi kitapata umande. Chupa iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 5 italowa mara moja. Sasa tuseme uko Nairobi alasiri ya kiangazi, joto ni nyuzi 26 na unyevu ni asilimia 40. Hapo kipimo hushuka hadi nyuzi 11 hivi. Chupa ile ile itapata ukungu mwepesi tu, na baada ya muda mfupi itakauka. Kwa hiyo tangazo la redio linalomwambia msikilizaji wa bara kwamba chupa yake “itatiririka maji” linamwahidi jambo ambalo mkono wake utalikanusha. La Pwani linaweza kusema hivyo bila wasiwasi.

Kuna hatua nne ambazo kila aliyewahi kushika chupa baridi amezipitia, hata kama hakuzipa majina. Kwanza huja ukungu: kioo hupoteza mng'aro, na ukipitisha kidole kinaacha alama. Kisha ukungu hukusanyika ukawa vitone vidogo kama punje za mtama. Halafu vitone huungana, vikawa matone mazito yanayong'ang'ania kioo. Mwishowe tone moja huzidiwa na uzito wake, likaponyoka, likachuruzika hadi chini na kuyakumba mengine njiani, likiacha mchirizi safi nyuma yake. Tazama jinsi lugha yetu ilivyo tajiri hapa: kutona, kudondoka, kuponyoka, kuchuruzika, kutiririka. Kila kitenzi kina kasi yake na kiasi chake cha maji. Anayeandika “chupa yenye maji maji” ameuacha utajiri huo wote mlangoni.

Hatua hizo zina siri ambayo mwandishi anapaswa kuijua. Mvuke unapogeuka maji huacha joto lake kwenye chupa. Maana yake ni kwamba umande wenyewe unaipasha chupa moto, kidogo kidogo. Chupa iliyolowa chepechepe, yenye michirizi kila upande na kidimbwi mezani, ni chupa iliyokaa nje muda mrefu. Kinywaji chake kinaanza kupoa ubaridi. Uzuri uko katika hatua ya tatu, matone yakiwa yamenenepa lakini bado yameshikilia, na pengine moja tu ndilo limeanza safari. Wapiga picha wanalijua hili vizuri. Kwa kuwa umande wa kweli haungoji taa zipangwe, aghalabu hupaka kioo dawa ya kufifisha mng'aro, kisha hunyunyiza mchanganyiko wa maji na gliserini, nusu kwa nusu. Gliserini ni nzito na haikauki upesi, hivyo matone hubaki pale pale kwa saa nyingi, na mara nyingi chupa yenyewe haina baridi yoyote. Taa huwekwa nyuma ili kila tone linase mwanga.

Mpiga picha basi hulisimamisha tone, na kazi ya mwenye maneno ni kulitembeza. Lakini ni lazima wapatane. Katika tangazo ninalolijadili, picha inaonyesha vitone laini vya hatua ya pili, nayo maneno yanasema chupa “imefunikwa”. Kitu kilichofunikwa hakionekani! Tena kwa sarufi, kitu hufunikwa na mtu lakini hufunikwa kwa kitu: mama amefunika sufuria kwa kawa, nayo sufuria ikafunikwa kwa kawa na mama.

Tuje kwenye barafu. “Barafu zinazometameta” inakwaruza sikio kwa sababu barafu, kama maji na sukari, haihesabiki. Tunasema barafu inameta, au vipande vya barafu vinameta. Zaidi ya hayo, kumeta ni jambo la jicho, na barafu ina mengi ya sikio. Ukimimina kinywaji juu ya barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friji, utaisikia ikipasuka kwa ndani kwa sababu upande wa nje umepata joto kabla ya moyo wake. Mlio huo mkavu Kiswahili huuita kualika. Vijana wengi wanalijua neno hili kwa maana ya kumkaribisha mtu tu, lakini kamusi zetu zinazo maana zote mbili: kidole huweza kualika, na fimbo kavu huweza kualika. Basi “barafu inaalika ndani ya bilauri” ni sentensi inayolia na kukaribisha kwa pumzi moja. Mtangazaji wa redio, asiye na picha, angetafuta nini zaidi?

Barafu ya picha nayo ina unafiki wake, na msomaji anaweza kuutambua. Barafu ya nyumbani huwa nyeupe katikati, kwa kuwa huganda kuanzia nje na kusukuma hewa ndani. Ile ya matangazo inayong'aa kama kioo hadi moyoni mara nyingi ni ya plastiki ngumu. Itazame inavyokaa. Barafu ya kweli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea huku sehemu ndogo tu ikichungulia juu. Plastiki hiyo huzama, kwa hiyo hulazimika kupangwa tangu chini ya bilauri hadi juu. Ukiona bilauri imejazwa vipande kutoka kitako hadi mdomoni, vimetulia kama matofali, una haki ya kushuku. Mwandishi asiongeze neno “vinaelea” chini ya picha ya vipande vilivyozama.

Limebaki “upya”. Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapoonekana wazi. Upya wetu ni hali ya kutokuwa kuukuu, au ni kurudia jambo: kuanza upya. Si ladha. Kiswahili hakina neno moja linalobeba wazo hilo la Kiingereza katika vyakula vyote. Samaki huwa mbichi, mkate huwa wa moto, hewa huwa safi. Na maji je? Maji yasiyo ya chumvi huitwa maji baridi, hata kama ziwa limepigwa na jua kutwa. Samaki wa mtoni ni samaki wa maji baridi. Yaani katika maji, ubaridi ndio huo “upya” aliokuwa akiutafuta mtunzi wetu. Tena baridi, burudika na burudani ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Barafu si ndugu yao ingawa inafanana nao kwa sauti. Hiyo ni mgeni kutoka Kiajemi. Anayesema “burudika” amekwisha kusema “poa kwa baridi”.

Mtu anaweza kuuliza kama “baridi” pekee haitoshi. Haitoshi. Dukani muuzaji hutuuliza, “Baridi au moto?” na soda moto haijachemshwa, ila haikuwekwa kwenye friji. Neno limekuwa lebo ya rafu, haliamshi tena hisia. Ndiyo maana maelezo ya umande na barafu yanahitajika.

Tangazo lile lingeweza kusema hivi: “Imetoka barafuni sasa hivi. Chupa imepata umande; tone moja limeponyoka, likachuruzika hadi vidoleni. Ndani ya bilauri barafu inaalika. Burudika.” Halina jasho, halina upya, wala halina sifa hata moja ya kinywaji chenyewe. Lina vitenzi vinne vya maji na barafu, kila kimoja mahali pake, na koo la msomaji litamalizia mengine.