Silabi Moja Tu: Hadithi ya Nyumba Isiyouzwa

Hadithi hii bado haijachapishwa. Tulisomewa kwenye kikao chetu cha uandishi, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwandishi kaniruhusu niizungumzie bila kumtaja.

Mzungu mmoja msafiri anapita Magomeni, anaona maandishi mekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Anapiga picha kwa simu ili itafsiriwe. Nguzo ya umeme imeziba herufi mbili za kwanza za kitenzi, na simu, ikikutana na "iuzwi" ambayo si neno, inabahatisha: inauzwa. Jamaa anafurahi. Kwenye sentensi ya pili ndipo mwandishi alipofanya kazi kweli. "Ogopa matapeli" imetafsiriwa sawasawa kabisa, ila baada ya kosa la kwanza anaisoma kama ushauri wa muuzaji mwaminifu: usipitie kwa dalali, njoo kwangu moja kwa moja. Basi anabisha hodi, na kila anavyojieleza kwamba hataki dalali, anazidi kufanana na tapeli.

Ucheshi wa tafsiri mbovu mara nyingi ni wa kurundika maneno ya ajabu. Hapa kimeanguka kiambishi kimoja cha ukanushi tu, na ile "i" ya mwisho, iliyobaki wazi kwenye picha, ingetosha kumshtua mtu anayejua Kiswahili. Simu haishtuki. Lakini hata msafiri angesogea hatua mbili pembeni angeiona "HA" nzima. Mwandishi anailaumu simu peke yake, mimi naona uvivu wa miguu pia.

Sikupenda kurasa mbili za Kiswahili kibovu cha mgeni. Eti "mimi nataka nunua wewe mama". Hicho ni kicheko cha bei rahisi, tumekisikia sana.

Kuna pia pengo. Mjumbe anaitwa, watu wanajaa, jamaa anapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, na hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mtaa mzima wa Dar usiwe na mjuaji mmoja? Sentensi hiyo kinywani mwa mjumbe ingechekesha kuliko ule mkimbizano wa mwishoni.

Kinachonibakia ni mama mwenye nyumba. Mgeni anapomwonyesha picha, haangalii. Anauliza, "Nani kakutuma, Saidi?" Saidi ni mwanawe. Hapo ndipo tunapojua kwa nini ukuta uliandikwa, na kikao kilinyamaza. Kisha mwandishi anamwacha, anarudi kumkimbiza Mzungu kwenye matope. Nilimwambia palepale: bwana, mrudishe mama. Akasema hadithi ni ya msafiri. Sikukubali, na bado sikubali.