Ufundi wa Mwandishi wa Kikao

Kumbukumbu za kikao ni maandishi yanayomwezesha mtu ambaye hakuwapo kufanya kazi aliyopewa bila kulazimika kuuliza tena. Daftari la mwandishi wa kikao haliko hivyo. Limejaa vifupisho, sentensi zilizokatika na maneno ambayo kila aliyekuwa chumbani aliyaelewa kwa sababu alikuwa chumbani. Kati ya daftari hilo na kumbukumbu kuna kazi kubwa, na timu inapokuwa na lugha zaidi ya moja, sehemu ngumu ya kazi hiyo hukamilika kabla neno la kwanza halijatafsiriwa.

Mfano mzuri unapatikana Ziwa Tanganyika, ambalo mwambao wake umegawanyika kati ya nchi nne. Timu ya kuboresha ukaushaji wa dagaa inaweza kuwa na wajumbe Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu. Kikao kitaendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wengi wao wanakutania, na mjumbe wa Mpulungu atakifuata kwa msaada wa jirani anayemnong'oneza. Lakini ofisi za Bujumbura na Kalemie huandikiana na wakubwa wao kwa Kifaransa, na ya Mpulungu kwa Kiingereza. Kwa hiyo daftari moja la Kiswahili litazaa kumbukumbu za lugha tatu.

Tuseme kikao kilifanyika Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025, na chini ya ajenda ya tatu daftari linasema hivi: «Vichanja vya Kibirizi vimechoka, vibadilishwe kabla mitumbwi haijarudi majini. Mratibu aongee na fundi, ataleta bei ya wavu. Mil. 2 zipo. Bujumbura watume ripoti ya mauzo J3. Kijacho Ijumaa 17, saa 4 asb.» Kwa aliyehudhuria, hapo hakuna fumbo lolote. Mwandishi mzoefu huona mashimo sita au saba.

La kwanza ni mtendaji. Kiswahili kina njia ya kistaarabu ya kutoa amri bila kumtaja mtu: viangaliwe, itafutwe, vibadilishwe. Mkutanoni njia hiyo hulinda heshima, kwa maana hakuna anayenyooshewa kidole mbele ya wenzake. Kwenye kumbukumbu inaiacha kazi bila mwenyewe. Kifaransa na Kiingereza navyo vina namna zao za kuficha mtendaji, hivyo mfasiri hodari anaweza kulihamisha shimo lile likiwa zima, kwa sentensi nzuri kabisa, na timu tatu zikasoma kwamba vichanja vitabadilishwa huku kila moja ikiamini kwamba kuna nyingine inayovibadilisha. Dawa yake ni simu moja kwa mwenyekiti, siku ileile: nani anabadilisha, na ni vichanja vingapi? Jibu linakuja kwamba ni msimamizi wa mwalo wa Kibirizi, na vilivyooza ni kumi na viwili, si vyote.

Shimo la pili ni gumu zaidi, nalo ni ile «ataleta». Nani ataleta bei, mratibu au fundi? Kiambishi kile kinawafaa wote wawili, mwanamume kwa mwanamke. Kifaransa na Kiingereza kwa kawaida humlazimisha mfasiri kuchagua kama ni mwanamume au mwanamke. Ikiwa mratibu ni mwanamke na fundi ni mwanamume, basi kwa kuandika kiwakilishi kimoja tu mfasiri amekwisha kuamua nani atawajibika, na msomaji wa lugha hiyo hataona dalili yoyote kwamba palikuwa na shaka. Makisio ya mwandishi yamegeuka kuwa uamuzi wa kikao. Hii ndiyo sababu ya kanuni ambayo waandishi wazuri hawaivunji: katika orodha ya kazi hakuna viwakilishi. Kila mstari unataja cheo cha mtu, hata kama cheo hicho kimetajwa mara tatu juu yake.

Halafu kuna muda, na hapa mwandishi wa Kiswahili ana mitego ambayo wenzake wa Kifaransa na Kiingereza hawaijui. «Saa 4 asb.» ni saa nne baada ya mapambazuko, yaani 10:00 kwa saa ya Kigoma. Mtu anayenakili ile tarakimu kama ilivyo amewaita watu wa Kifaransa na Kiingereza kikaoni alfajiri, kabla ya adhana ya kwanza. Tena kuibadilisha kuwa 10:00 hakutoshi, kwa kuwa Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo. Mstari ulio salama husomeka vivyo hivyo katika matoleo yote: 10:00 Kigoma, 09:00 Bujumbura, Kalemie na Mpulungu. Katika toleo la Kiswahili inaongezwa «saa nne asubuhi kwa saa za Tanzania», kwa kuwa hata msomaji wa Kiswahili anastahili kusoma saa jinsi anavyoisema.

Kifupisho cha «J3» nacho kinaonekana kuwa kidogo, lakini kimeharibu kazi nyingi. Kiswahili kinahesabu siku kuanzia Jumamosi, hivyo siku ya tatu ni Jumatatu. Anayehesabu kuanzia Jumatatu ataiona Jumatano. Mwandishi akishalifumbua hilo anakuta swali jingine nyuma yake: Jumatatu ipi? Ya tarehe 6 ni siku tatu tu baada ya kikao, mara baada ya mwisho wa wiki, na mauzo ya Septemba hayajafungwa. Ya tarehe 13 Oktoba ni sikukuu nchini Burundi, siku ya kumkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 1961, na ofisi zitakuwa zimefungwa. Kesho yake, tarehe 14, Tanzania inapumzika kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Aliyepanga kwamba ripoti itumwe Jumatatu na isomwe Kigoma Jumanne amepanga siku mbili ambazo hazina kazi. Simu inapigwa Bujumbura, na wenyewe wanachagua Ijumaa, tarehe 10. Kalenda za sikukuu za nchi zote husika zinapaswa kuwa mezani kwa mwandishi kila anapoandika tarehe. Na pale inapotajwa safari ya usiku, kwa mfano lori litakaloondoka «usiku wa Ijumaa», aulize pia, kwa kuwa kwa hesabu ya zamani ya Waswahili usiku huo hutangulia mchana wa Ijumaa, na kwa hesabu ya ofisini huufuata.

«Kabla mitumbwi haijarudi majini» ni tarehe halisi kabisa kwa mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa taa hazivuti samaki, na wavuvi hupumzika. Mwezi wa Oktoba 2025 ulikuwa mpevu tarehe 7, kwa hiyo mapumziko yangeangukia siku zilizouzunguka. Lakini mhasibu aliyeko ofisini hana sababu ya kujua hayo. Mwandishi anamwuliza msimamizi wa mwalo, anaambiwa kwamba mitumbwi itatoka tena Jumatatu tarehe 13, na anaandika: Jumamosi, 11 Oktoba 2025. Sababu ya mvuvi inabaki katika maelezo ya ajenda, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini tarehe hiyo haiwezi kusogezwa.

Fedha ndiyo hatari zaidi kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. «Mil. 2» inaweza kuwa shilingi ya Tanzania, faranga ya Burundi au faranga ya Kongo. Katika sarafu zote tatu dola moja hubadilishwa kwa zaidi ya elfu mbili, kwa hiyo milioni mbili haimshtui msomaji wa nchi yoyote kati ya hizo. Kila mmoja ataisoma kuwa fedha yake. Inaandikwa TZS 2 000 000, kwa nafasi badala ya mkato, kwa kuwa katika Kifaransa mkato hutenga desimali, na kilo 1,250 za dagaa zitasomeka Kalemie kuwa kilo moja na robo.

Baada ya maswali hayo kujibiwa, ndipo toleo mama linaandikwa, kwa Kiswahili kilekile cha kikao. Kila azimio lina namba, na kazi inayotokana nalo inabeba namba hiyohiyo katika lugha zote, ili mtu wa Mpulungu na mtu wa Kalemie waweze kuzungumza juu ya 3.1 bila kutafutana. Mstari uliokamilika unakuwa hivi: 3.1, kubadilisha vichanja 12 vilivyooza katika mwalo wa Kibirizi. Mhusika, msimamizi wa mwalo. Mwisho, Jumamosi 11 Oktoba 2025. Uthibitisho, picha za vichanja vipya na risiti za wavu kwa mhasibu. Safu ile ya uthibitisho mara nyingi huachwa, na ni hasara, kwa sababu bila hiyo neno «kubadilisha» litamaanisha kununua mbao kwa mmoja na kumaliza kugongomea kwa mwingine.

Mwandishi hana ruhusa ya kujaza shimo kwa akili yake, hata akiwa na hakika. Mjumbe aliyesema «tutajitahidi» hakuahidi kitu, na kumbukumbu haziwezi kumwahidia. Jambo lisilopata jibu huandikwa wazi kuwa halijaamuliwa, pamoja na mtu wa kuliamua na siku ya kufanya hivyo. Uaminifu huu unahitaji ujasiri, hasa pale aliyeacha shimo ni mkubwa wa kazi.

Tafsiri sasa ni nyepesi, kwa kuwa kilichobaki ni sentensi fupi zilizojaa. Majina ya mahali hayaguswi. Neno la kazi lisilo na mwenzake halisi, kama vile mwalo, linaachwa lilivyo na kuelezwa mara moja, likitajwa mara ya kwanza. Kisha hufuata jaribio ambalo halichukui hata robo saa: mjumbe anayejua lugha zote mbili anapewa toleo la Kifaransa peke yake, na anaeleza kwa Kiswahili nani afanye nini na lini. Mwandishi anafuatilia kwa kidole kwenye toleo mama. Msomaji akisita, au akisema «nadhani», mstari huo unarudi mezani, na mara nyingi kasoro hukutwa katika Kiswahili chenyewe.

Matoleo yote yanatumwa kwa pamoja, ndani ya siku mbili, yakiwa na mstari mmoja juu unaosema kwamba toleo la Kiswahili ndilo rejea yakitofautiana. Sahihisho likija, hata la tarakimu moja, linaingizwa katika lugha zote na namba ya toleo inabadilika. Njia hii inatosha kwa kazi za kila siku za timu; mkataba, ajira au jambo linaloweza kufika mahakamani linahitaji mfasiri aliyeidhinishwa.

Tarehe 17, kikao kinapofikia yatokanayo, orodha hiyo inasomwa kwa namba. Kila mhusika anajibu kwa lugha anayoimudu: imekamilika, na uthibitisho huu hapa, au haijakamilika, na tarehe mpya ni ipi. Kazi iliyosogezwa inabaki na namba yake ya zamani na tarehe yake ya kwanza, ili ionekane imesogezwa mara ngapi.