"Labda" Iliyopotea: Kuandika Upya Barua ya Makabidhiano ya Duka

Katika somo la uandishi wa kiuamilifu tulitakiwa kuchukua andiko halisi la kazi na kuliandika upya kwa Kiswahili sanifu. Mimi nilichukua karatasi ya dada mmoja jirani yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, anayeuza katika duka la vyakula. Kila jioni huhesabu fedha, hufunga kwenye mfuko na kumpelekea mwenye duka pamoja na karatasi iliyochanwa daftarini. Ile aliyonipa ilisema hivi:

"Haji, salam aleko. Leo tumeuza 386,500. Nimetoa umeme 10,000, mifuko 6,000, mubebaji 5,000 na chakula. Madeni iko na wengine walilipa kwa simu. Ninakutumia 298,500. Pesa kidogo imepungua, labda juu ya chenji. Asante."

Niliifanyia kazi kama mwanafunzi anayetafuta alama. "Madeni iko" ikawa "madeni yapo", "mubebaji" akawa "mbebaji", na ile sentensi ya upungufu nikaipamba: "Aidha, kumetokea upungufu mdogo wa fedha uliosababishwa na utoaji wa chenji." Nilipomsomea dada, alinikatiza hapo. "Mdogo wangu, mimi sikusema hivyo. Nilisema labda."

Alisema kweli. Katika Kiswahili chetu "juu ya" hutumika kwa maana ya "kwa sababu ya", na hilo nililitafsiri vizuri. Lakini "labda" niliiacha njiani kwa kuona kwamba haikufaa katika barua rasmi. Dhana ya muuzaji ikageuka kuwa maelezo ya chanzo, tena maelezo yanayomtia hatiani, kwa kuwa anayetoa chenji dukani ni yeye peke yake. Na mwenye duka hili hukata upungufu kwenye mshahara.

Tangu hapo niliacha sarufi kando nikaisoma karatasi kwa macho ya Haji, yaani kwa hesabu. Haji anaona mauzo 386,500. Anaondoa matumizi yaliyotajwa kwa kiasi, 21,000, anabaki na 365,500. Mfukoni anakuta 298,500. Tofauti ni 67,000. Mbele yake pameandikwa "kidogo". Mtu akiita faranga 67,000 kidogo, utamdhania nini?

Dada na mimi tuliketi na daftari lake la mauzo tukaanza upya. Kosa kubwa la karatasi ile limo katika neno ambalo sikuligusa kabisa: "tumeuza". Kwa Kiswahili, aliyetoa mchele kwa mkopo ameuza, aliyelipwa kwa simu ameuza, na aliyepokea noti mkononi pia ameuza. Kitenzi kinatuambia bidhaa imetoka, hakituambii fedha imeingia wapi. Daftarini tulikuta mikopo ya 24,500 na malipo ya simu ya 31,000. Basi fedha taslimu zilizopaswa kuingia kwenye droo ni 331,000, si 386,500.

"Nimetoa" nayo ina utata wake. "Nimetoa umeme 10,000" inaeleweka kwa anayejua duka, lakini kutoa fedha kwenye droo na kulipia kitu ni matendo mawili. "Nimelipia umeme 10,000" inamwelekeza msomaji kwenye risiti. Chakula kiliachwa bila kiasi, nadhani kwa haya: ni chakula chake mwenyewe, nao walikubaliana kwamba duka litamlipia. Kilikuwa 4,000. Kukiacha wazi kulimfanya aonekane anaficha kitu ambacho ni haki yake.

Lipo pia jambo ambalo halikuandikwa kabisa. Asubuhi droo ilianza na chenji ya 20,000, na jioni alibakiza 20,000 kwa ajili ya kesho. Kwa kuwa kiasi ni kilekile, hesabu haibadiliki. Lakini siku atakapobakiza 15,000 tu, asipoandika, mfuko utaonekana na ziada ya 5,000 ambayo si ziada.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Chenji ya asubuhi 20,000, ongeza taslimu 331,000, ondoa matumizi 25,000: droo ilipaswa kuwa na 326,000. Ilikuwa na 318,500. Upungufu halisi ni 7,500. Zile 59,500 nyingine alizozipungukia Haji machoni hazikupotea popote. Zilikuwa kwenye simu, kwenye mikopo na kwenye sahani ya chakula.

Hizo 7,500 ndizo zilizotuchukua muda. Wahesabu fedha wana kipimo kimoja cha zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu mbili zilizopishana, kwa mfano 34,000 kuandikwa 43,000, ambapo tofauti huwa 9,000. Ukigawanya 7,500 kwa 9 unapata baki, kwa hiyo kupishana kwa tarakimu mbili peke yake hakuwezi kuieleza. Hatua inayofuata ni kutafuta daftarini kiasi kilekile cha upungufu, kwa maana huenda mauzo yaliandikwa mara mbili, au mkopo uliandikwa kama taslimu. Tuliukuta mstari mmoja wa 7,500, mafuta ya kupikia, karibu na magharibi, saa ambayo watu hujazana dukani. Dada alimkumbuka mnunuzi. Hakukumbuka kama alilipa.

Nilitaka kuliandika jina la mama yule. Ingekuwa barua kamili zaidi, mtu angesema. Dada akakataa: "Haji akimtumia mtu kumdai kabla mimi sijamuuliza, na kama alilipa, nitamtazama vipi?" Nikakubali. Daftari linaonyesha mstari tu, halionyeshi deni.

Hii ndiyo barua tuliyoiandika pamoja:

"Haji, salam aleko. Mauzo yote ya leo ni 386,500. Kati yake, waliokopa ni 24,500 (majina yamo daftarini), waliolipa kwa simu ni 31,000, na taslimu ni 331,000. Nimelipia umeme 10,000, mifuko 6,000, mbebaji 5,000 na chakula changu 4,000, jumla 25,000. Nilianza na chenji 20,000. Droo ilipaswa kuwa na 326,000. Nimehesabu mara mbili, nimekuta 318,500. Zimepungua 7,500. Sababu sijaijua. Kuna mauzo ya mafuta ya 7,500 ya jioni ambayo sina hakika kama yalilipwa. Nitamuuliza mnunuzi kesho asubuhi. Labda pia nilizidisha chenji. Nimebakiza 20,000 kwa ajili ya kesho, nakukabidhi 298,500."

Msomaji ataona kwamba "zimepungua" nimeirudisha. Katika rasimu ya kwanza niliiona kama neno la kukwepa, kwa sababu -pungua haimtaji mtendaji, tofauti na -punguza. Sasa naona kwamba hapa ndilo neno la haki, kwa kuwa mtendaji hajulikani. Lingekuwa la kukwepa kama lingesimama peke yake, bila kiasi na bila "nimehesabu mara mbili". Nomino "upungufu uliosababishwa" ilikuwa na sura ya usomi, lakini ilidai kujua zaidi ya kitenzi cha dada.

Barua hii ina kikomo chake. Kama kuna kitu kiliuzwa na hakikuandikwa daftarini, fedha zake zikachukuliwa, hesabu zote hizi zitakaa sawa na Haji hataona lolote mpaka ahesabu bidhaa zenyewe rafuni.

Kwa rasimu yangu ya kwanza mwalimu alinipa alama nzuri za mtindo. Hii ya pili nimeiambatisha naye aipime. Dada, kwa upande wake, alinakili mpangilio wake ndani ya jalada la daftari, akalifuta neno "aidha" nililokuwa nimelirudisha kwa mazoea.