Maelezo Yangoje Zamu Yake

Katika vijiji vya bonde la Makanya, wilayani Same, maji ya kumwagilia hugawanywa kwa zamu. Mfereji hujaza bwawa liitwalo ndiva usiku, mchana maji yanafunguliwa, na kila mkulima ana saa zake. Ndiva ikikauka, aliyekosa hungoja zamu nyingine huku mahindi yakinyauka.

Tuchukue mkulima aliyejifungulia maji katika zamu ya jirani. Jioni anakwenda kuomba radhi:

"Shikamoo mama. Unajua mtoto alikuwa anaumwa, zamu yangu ikanipita. Na jua lenyewe unaliona. Sikujua kama hujamwagilia. Basi maji yakaisha. Kama nimekukwaza, nisamehe."

Huenda hakuna uongo humo. Lakini mama huyu amesikiliza shida za mwenzake kabla ya kusikia yake ikitajwa hata mara moja. Kosa halijasemwa, kwa hiyo kila sababu anayopewa anaipokea kama utetezi, naye anageuzwa hakimu wa kesi ambayo haijasomwa. Kisha "maji yakaisha", kana kwamba hakuna aliyeyafungua. Na ile "kama" inatia shaka madhara ambayo shamba lake kavu linayaonyesha.

Maneno yapangwe hivi:

"Shikamoo mama. Asubuhi nilifungulia maji shambani kwangu, na zamu ilikuwa yako. Mahindi yako yamekosa maji kwa sababu yangu. Nisamehe. Zamu yangu ya Alhamisi chukua wewe, mgawa maji nimeshamwambia."

Hapo anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, maana ulimi unawasha kujieleza. Mama akiuliza, "Kwani ilikuwaje?", habari ya mtoto itoke sasa, kwa sentensi moja. Maneno ni yaleyale, ila sasa yanamjibu aliyeuliza. "Sikujua kama hujamwagilia" liachwe kabisa, kwa sababu linamrudishia mama sehemu ya lawama.

Radhi ya namna hii ilisikika Songea tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wa pale wakati wa Vita vya Majimaji. Aliahidi pia kushirikiana kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Angeanza na siasa za Ulaya za mwaka 1905, nadhani wajukuu wa walionyongwa wangeacha kumsikiliza mapema.

Ukitaka kupima radhi yako, soma sentensi ya kwanza baada ya salamu. Ikiwa haina "nili-" pamoja na tendo lenyewe, ishushe chini.

Yako maelezo yasiyoweza kungoja: kama mlango wa ndiva umevunjika na maji bado yanatoka, hilo litajwe kwanza, radhi ifuate. Na kama zamu zenyewe zimepangwa vibaya hata watu wanagongana, hoja hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa watumia maji, siku nyingine, si mlangoni kwa aliyekoseshwa maji.