Nishikie Zamu Alhamisi: Uchambuzi wa Ombi Lililopangwa Vizuri

Viwanda vingi vya Ruiru na Thika havizimi mashine. Siku hugawanywa zamu tatu za saa nane nane: ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Kwa hiyo anayetaka nafasi ya nusu siku tu hulazimika kumtafuta mwenzake wa kumshikia zamu nzima. Maombi mengi ya namna hii hukataliwa, au hukubaliwa kisha yakazua ugomvi, kwa sababu ya hesabu ambayo haikufanywa mapema.

Tuchukue mhudumu wa mashine anayeishi Makongeni, Thika, na kufanya kazi Ruiru. Mtoto wake ana kliniki katika hospitali ya Thika Level 5 Alhamisi asubuhi, na siku hiyo yuko zamu ya asubuhi. Amwombe nani?

Wa zamu ya mchana angeweza kuja, lakini angesimama kwenye mashine saa kumi na sita mfululizo. Wa usiku ndiyo kwanza anatoka kazini, usingizi umemlemea. Anayefaa ni mwenzake wa zamu ileile ambaye Alhamisi ni ofu yake. Huyu atafanya saa nane tu, na mashine anaijua.

Ujumbe wa mwombaji unaweza kuwa hivi:

"Habari ya jioni, kaka. Nina ombi. Alhamisi tarehe 12 mtoto ana kliniki Thika. Naomba unishikie zamu yangu yote ya asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana (06:00–14:00), mashine namba 4. Najua ni ofu yako. Nitakurudishia Jumamosi tarehe 14, ofu yangu, saa hizohizo, nawe upumzike. Ukikubali, nitamwandikia supavaiza leo na kukuweka kwenye ujumbe huo. Kama una mipango yako, niambie tu, nitamuuliza mwingine."

Saa zimeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, na kuna sababu. Ukiandika "6 hadi 2", mmoja atasoma saa sita mchana hadi saa mbili usiku, mwingine atasoma saa za kwenye simu. Zamu ya usiku ina mtego wa ziada kwa kuwa inavuka tarehe. "Ijumaa usiku" haitoshi. Andika "kuanzia Ijumaa tarehe 13 saa nne usiku mpaka Jumamosi tarehe 14 saa kumi na mbili asubuhi".

Siku ya kurudisha fadhila nayo imetajwa. "Nitakurudishia siku moja" ni deni lisilo na tarehe, na deni la namna hiyo huzaa manung'uniko. Isitoshe, Jumamosi imechaguliwa kwa hesabu. Agizo la Jumla la Mishahara la Kenya linaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa isiyozidi saa 52 katika siku sita. Wakibadilishana ofu ndani ya wiki moja, kila mmoja anabaki na siku sita za saa nane, yaani saa 48, na ofu yake moja. Lakini malipo ya deni yakisogezwa hadi wiki inayofuata, aliyemshikia mwenzake atafanya siku saba, saa 56. Saa nne zimepita kikomo, na siku ya mapumziko imepotea, ilhali Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inadai angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hapo ofisi itauliza nani atalipa ovataimu, na supavaiza makini atakataa mpango wote.

Ujumbe kwa supavaiza ndio unaomlinda mwombaji. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 44, inahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Mashine ya alama za vidole getini haijui makubaliano ya watu wawili; itaonyesha kwamba mmoja hakuja na mwingine alikuja siku ya ofu. Dalili ya mpango usiokamilika ni hii: orodha ya zamu ukutani bado ina majina ya zamani. Ikiwa mpaka Jumatano jioni haijabadilishwa, mpigie supavaiza, usingoje.

Mstari wa mwisho wa ujumbe kwa mwenzake nao una kazi. Mwenzako akijua anaweza kukataa bila kuharibu urafiki, atakujibu mapema, nawe utapata muda wa kumwomba mwingine. Anayebanwa husema "nitaona", na usiku wa kuamkia zamu simu yake haipokelewi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma ombi, chukua orodha ya zamu, hesabu wiki yako na wiki ya mwenzako, siku zote saba. Hesabu ikikataa upande wake, usimwombe.